Kamba: kuhariri faili refu bila kusogeza kila herufi

*Mwalimu, nimeandika kihariri changu cha maandishi kama zoezi. Mafaili madogo hayana shida, lakini nikifungua logi ya megabaiti 200 na kuandika herufi mwanzoni, kinaganda karibu sekunde nzima kwa kila herufi. Maandishi yote nimeyaweka kwenye mfuatano mmoja. Mwenzangu kaniambia nitumie kamba. Hiyo kamba inafanya kazi vipi hasa, na nikiitumia nitalazimika kuandika programu yote upya?*

Mwenzako hakukosea, lakini kabla hujabomoa chochote tuangalie kwanza hiyo sekunde inaliwa na nini. Wengi husema inaliwa na kusogeza herufi: ukiingiza moja mwanzoni, zote zilizobaki lazima zisogee nafasi moja kwenda kulia. Ni kweli zinasogea. Ila kompyuta ya siku hizi hunakili kumbukumbu kwa kasi ya takriban gigabaiti 10 kwa sekunde, kwa hiyo megabaiti 200 zinasogea kwa milisekunde 20 hivi. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde inakupa milisekunde 16 au 17 kwa kila picha, basi 20 zinatosha kumfanya mtu ahisi kihariri kinavuta miguu. Lakini sekunde nzima haijafika.

Zilizobaki naweza kukisia zinakoenda. Ikiwa lugha unayotumia haibadilishi mfuatano uliokwisha kuundwa, kila herufi unayoandika inazaa nakala mpya ya megabaiti 200, na ya zamani inasubiri kufagiliwa. Halafu kuna jedwali la mistari. Bila shaka mahali fulani umeweka orodha inayosema mstari wa kwanza unaanzia 0, wa pili unaanzia 97, wa tatu 203, na kuendelea. Logi ya megabaiti 200 yenye mistari ya baiti mia mia ina mistari kama milioni mbili. Ukiingiza herufi moja juu kabisa, namba zote milioni mbili zimekuwa za uongo, na ama unaziongeza moja moja, ama unasoma faili lote upya kutafuta alama za mwisho wa mstari. Kwenye lugha ya kufasiriwa, hapo ndipo sekunde yako ilipo.

Nimeanzia hapo kwa sababu ukiielewa kamba kama njia ya kuingiza herufi kwa bei nafuu tu, utaijenga, utabaki na lile jedwali la mistari pembeni, na kihariri kitaendelea kuganda. Nguvu ya kamba ni kwamba ndani yake hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba herufi fulani ni ya 150,000,000. Kila sehemu inajua urefu wake yenyewe tu. Nafasi ya kitu kwenye faili zima hupatikana kwa kujumlisha unapoiuliza, na ukiongeza herufi mwanzoni, zilizo mwishoni hazina habari.

Mti wenyewe

Kamba ni mti. Maandishi yamekatwa vipande, na kila kipande ni jani. Nodi za juu hazina maandishi. Kazi yake ni kushika watoto wawili, kushoto na kulia, pamoja na jumla ya urefu wa vyote vilivyo chini yake. Ukisoma majani kutoka kushoto kwenda kulia unapata faili. Muundo huu ulielezwa kwa kina na Hans Boehm, Russ Atkinson na Michael Plass wa maabara ya Xerox PARC mwaka 1995, na vihariri kadhaa vya sasa vimejengwa juu ya ndugu zake.

Tuchukue maandishi mafupi ili uone kwa macho: "Kamba hukatikia pabovu". Ni herufi 22 ukihesabu na nafasi. Tuyakate makusudi mahali pasipofuata maneno, kwa sababu kamba haijui maneno:

```text
               22
            /      \
         12          10
        /   \       /   \
 "Kamba " "hukati" "kia pa" "bovu"
```

Sema unataka herufi ya nafasi ya 16, tukihesabu kuanzia 0. Unaanza kwenye mzizi na kuuliza: upande wa kushoto una herufi ngapi? Zipo 12. Kwa kuwa 16 si ndogo kuliko 12, unayoitafuta iko kulia. Unatoa 12 na kubaki na 4. Unashuka kulia na kuuliza tena: kushoto kwake kuna ngapi? Zipo 6. Kwa kuwa 4 ni ndogo kuliko 6, unashuka kushoto bila kutoa chochote, na umefika kwenye jani "kia pa". Nafasi ya 4 ndani yake ni "p". Kwa msimbo ni hivi:

```python
def tafuta(nodi, i):
    while not nodi.ni_jani:
        k = nodi.kushoto.urefu
        if i < k:
            nodi = nodi.kushoto
        else:
            i -= k
            nodi = nodi.kulia
    return nodi, i
```

Kwenye maelezo mengi utakuta nodi inashika urefu wa upande wa kushoto pekee, na namba hiyo huitwa uzito wa nodi. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi. Ukitaka kuunga kamba mbili unahitaji urefu wote wa ile ya kushoto, na kama nodi zinajua upande mmoja tu, itabidi uteremke ukingo mzima wa kulia ukijumlisha. Weka jumla kamili kwenye kila nodi, uulize mtoto wa kushoto. Gharama ni ileile na akili inapumzika.

Kukata na kuunga

Shughuli zote za kamba zinatokana na mbili: kukata kamba moja kuwa mbili mahali fulani, na kuunga mbili kuwa moja. Kuunga ni kitu cha kushangaza kwa urahisi wake. Unatengeneza nodi moja mpya, mtoto wa kushoto ni kamba ya kwanza, wa kulia ni ya pili, urefu ni jumla ya urefu wao. Hakuna herufi inayonakiliwa, hata kama kila moja ina megabaiti mia.

Kukata kunafuata njia ileile ya kutafuta, ila kinapofika kwenye jani kinalipasua, na wakati wa kurudi juu kinaunga mabaki ya kila upande:

```python
def kata(nodi, i):
    if nodi.ni_jani:
        return Jani(nodi.herufi[:i]), Jani(nodi.herufi[i:])
    k = nodi.kushoto.urefu
    if i < k:
        a, b = kata(nodi.kushoto, i)
        return a, unga(b, nodi.kulia)
    a, b = kata(nodi.kulia, i - k)
    return unga(nodi.kushoto, a), b

def ingiza(mzizi, i, mpya):
    a, b = kata(mzizi, i)
    return unga(unga(a, mpya), b)
```

Kufuta ni kukata mara mbili, mwanzo na mwisho wa sehemu isiyotakiwa, kisha kuunga kipande cha kwanza na cha mwisho. Cha katikati unakiachia tu.

Sasa tuingize "palipo " kwenye nafasi ya 16, tupate "Kamba hukatikia palipo pabovu". Jani "kia pa" linapasuka kuwa "kia " na "pa". Wakati wa kurudi juu, "pa" inaungwa na "bovu" kuwa kamba ya herufi 6, na ile nodi ya 12 ya kushoto, ambayo haikuguswa, inaungwa na "kia " kuwa kamba ya 16. Kisha 16 inaungwa na "palipo " kuwa 23, na 23 na 6 zinaungwa kuwa 29:

```text
                    29
                 /      \
              23          6
            /    \       /  \
         16  "palipo "  "pa" "bovu"
        /   \
      12   "kia "
     /   \
"Kamba " "hukati"
```

Jibu ni sahihi. Lakini tazama jani "Kamba ". Mwanzo lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mzizi, sasa ni hatua nne, na tumeingiza neno moja tu. Tena tulikuwa na majani manne ya herufi sita hivi, sasa tuna majani sita, moja likiwa la herufi mbili tu. Hapo ndipo kamba za wanaoanza zinapoharibikia.

Mti unaoota mkia

Mtu anayeandika hukaa mahali pamoja na kubonyeza herufi moja baada ya nyingine. Ukitumia `ingiza` ya hapo juu kama ilivyo, kila kibonyezo kinaongeza jani la herufi moja na nodi mbili juu yake, na kwa sababu kishale kinasogea kando ya kile ulichoandika punde, nodi hizo zinarundikana upande mmoja. Baada ya kibonyezo cha elfu kumi una mti wenye kina cha elfu kumi mahali hapo, yaani umejenga mnyororo. Kutafuta nafasi kunageuka kutembea mnyororo mzima, na ile `kata` inayojiita yenyewe inaweza kumaliza nafasi ya rafu ya miito na programu ikaanguka.

Yaliwahi kunikuta. Nilikuwa na kihariri cha kusomea logi kazini, wenzangu walikitumia kutwa. Asubuhi hakuna malalamiko, ikifika alasiri wananiita: kimekuwa kizito. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kumbukumbu inayovuja. Dalili ilikuwa mbele yangu: uzito haukuongezeka kwa ukubwa wa faili, uliongezeka kwa muda ambao faili limekuwa wazi, na ukihifadhi, ukafunga na kufungua tena faili lilelile, linakuwa jepesi kama jipya. Ukiona dalili hiyo kwenye kamba, usitafute kwingine. Chapisha namba mbili: kina cha mti na wastani wa urefu wa jani. Kwangu kina kilikuwa maelfu na wastani wa jani ulikuwa umeshuka vibaya.

Dawa ya kwanza ni kutopasua jani kama hakuna sababu. Rudi kwenye mfano wetu. Kama tumeruhusu jani lifike herufi 16, basi "palipo " ingeingia ndani ya "kia pa" na kulifanya "kia palipo pa", herufi 13. Umbo la mti halibadiliki hata kidogo. Namba tatu tu zinabadilika: urefu wa jani kutoka 6 hadi 13, wa nodi iliyo juu yake kutoka 10 hadi 17, na wa mzizi kutoka 22 hadi 29. Upande wote wa kushoto haukuguswa. Hivyo ndivyo uandishi wa kawaida unavyotakiwa kwenda karibu wakati wote, na lile kata-na-unga linabaki kwa ajili ya kubandika maandishi marefu na kufuta sehemu kubwa.

Kwenye kazi halisi jani haliwi herufi 16. Mimi huweka kikomo cha kama kilobaiti moja, wengine huenda hadi mbili au nne. Hesabu yake si ngumu. Jani likiwa dogo sana, nodi zinakula kumbukumbu kuliko maandishi: nodi yenye vielekezi na jumla zake inaweza kuchukua baiti 48 kwa urahisi, na ukiibebesha jani la baiti 16 umelipa mara tatu ya bidhaa. Kwa jani la kilobaiti moja, hizo 48 ni chini ya asilimia 5. Jani likiwa kubwa sana, kila kibonyezo kinanakili jani zima, ingawa kunakili kilobaiti moja ni kazi ndogo mno kiasi kwamba hutaiona kwenye vipimo. Jani likijaa, lipasue katikati. Baada ya kufuta, likibaki chini ya nusu, angalia jirani yake. Kama wawili hao wanaenea kwenye jani moja, waunganishe.

Dawa ya pili ni kusawazisha mti. Boehm na wenzake walitumia kanuni ya Fibonacci: kamba yenye kina n inahesabiwa kuwa sawa ikiwa urefu wake haupungui namba ya Fibonacci ya n+2, na ikipungua inajengwa upya. Ni kanuni nzuri, ila kujengwa upya kunaweza kutokea katikati ya kuandika, na mtumiaji akahisi kigugumizi kisichotabirika. Kwa kihariri mimi nakushauri uachane na mti wa watoto wawili na kujenga wa watoto wengi, ule wa jamii ya B, ambamo kila nodi isipokuwa mzizi ina watoto kati ya 8 na 16. Huo hujisawazisha wenyewe kila unapoingiza: nodi ikizidi watoto 16 inapasuka kuwa mbili na mzazi wake anapata mtoto mmoja zaidi, hivyo majani yote yako kina kilekile daima.

Kwa faili lako, megabaiti 200 kwa majani ya kilobaiti moja ni majani 204,800. Mti wa watoto wawili uliosawazishwa ungekuwa na kina cha 18. Mti wa watoto wengi, hata kila nodi ikiwa na 8 tu, unafika kina cha 6. Kibonyezo kimoja kinagusa jani moja na nodi sita.

Mistari

Tumefika kwenye lile jedwali lako. Lifute kabisa. Badala yake, kando ya urefu, kila jani lihesabu lina alama ngapi za mwisho wa mstari, na kila nodi ishike jumla ya watoto wake. Sasa ukitaka mwanzo wa mstari wa milioni moja, unashuka kama ulivyoshuka kutafuta nafasi, isipokuwa swali limebadilika: kushoto kuna alama ngapi za mstari? Kama hazitoshi, unazitoa, unakumbuka urefu wa sehemu uliyoiruka, unashuka kulia. Ukifika kwenye jani unasoma baiti zisizozidi elfu moja kutafuta alama yenyewe. Na kinyume chake pia: kishale kiko nafasi fulani, ni mstari wa ngapi? Shuka kwa urefu, jumlisha mistari uliyoiruka.

Kila kitu kinachoweza kujumlishwa kutoka kwa watoto kwenda kwa mzazi kinaweza kukaa hapo kwa namna hiyohiyo: idadi ya baiti, idadi ya herufi, hata urefu wa mstari mrefu kuliko yote ukiwa mwangalifu na mistari inayovuka kutoka jani moja hadi jingine.

Nimetaja baiti na herufi kama vitu viwili, na ni lazima uvitenganishe tangu siku ya kwanza. Andika "ng’ombe" kwa ile kistari cha juu kilichopinda ambacho programu nyingi hukibadilisha zenyewe. Ni herufi 7, lakini kwenye UTF-8 ni baiti 9, kwa sababu hicho kistari peke yake ni baiti tatu: E2 80 99. Jani likikatwa kwa kuhesabu baiti bila kuangalia, E2 inaweza kubaki jani moja na 80 99 kwenda jani jingine, na kwenye skrini utaona alama ya swali ndani ya almasi nyeusi pale palipokuwa na kistari. Ubaya wake ni kwamba hutokea mara moja moja tu, kwenye mpaka wa majani, na ukiongeza herufi kadhaa kabla yake inaweza kutoweka. Kinga ni ndogo: unapopasua jani, ukikuta baiti ya mahali pa kukata iko kati ya 80 na BF kwa namba za msingi wa kumi na sita, rudi nyuma hadi uikute isiyo kati ya hizo. Hutarudi zaidi ya hatua tatu.

Mafaili yanayomaliza mstari kwa alama mbili, `\r\n`, nayo yana mtego wa aina hiyo: `\r` jani moja, `\n` jani linalofuata, na ukihesabu kila moja kama mwisho wa mstari utapata mistari ya ziada inayokuja na kuondoka. Hesabu `\n` peke yake, na `\r` iache iwe kazi ya sehemu inayochora.

Kutendua na kuhifadhi

Kuna zawadi moja ambayo kamba inaitoa karibu bure. Ukiamua kwamba nodi haibadilishwi baada ya kuundwa, basi kila badiliko linatengeneza jani jipya moja na nodi mpya za njia ya kutoka kwenye jani hadi mzizi, na mti uliobaki unashirikiwa na toleo la zamani. Mzizi wa zamani bado unaonyesha faili kama lilivyokuwa. Kutendua ni kurudisha mzizi wa zamani, basi.

Matumizi yake ninayoyapenda zaidi si kutendua, ni kuhifadhi. Unaukabidhi mzizi wa sasa kwa uzi mwingine wa utekelezaji, nao unaandika megabaiti 200 kwenye diski taratibu huku mtumiaji akiendelea kuandika kwenye mizizi mipya. Hakuna kufuli, hakuna kunakili faili kwanza.

Usije ukafikiri matoleo hayo hayana bei, lakini. Jani la kilobaiti moja pamoja na nodi sita zenye watoto hadi 16 kila moja ni kilobaiti mbili au zaidi kwa kibonyezo kimoja. Vibonyezo elfu kumi ni megabaiti 20 na ushee. Kusanya vibonyezo vinavyofuatana kuwa toleo moja, au kwa historia ndefu andika tu "hapa ziliingia herufi hizi" na uache mizizi ya zamani ifagiliwe. Na kufagia kwenyewe kuna mtego: mtumiaji akifuta megabaiti 50, kuzitenga kutoka kwenye mti ni papo hapo, lakini kuachia majani elfu hamsini na zaidi mara moja kunaweza kumgandisha kuliko kufuta kwenyewe. Iwapo lugha yako inaachia kumbukumbu palepale kielekezi cha mwisho kinapoondoka, peleka kile kipande kilichokatwa kwenye uzi mwingine kikafie huko.

Pale kamba isipokusaidia

Kutafuta neno ndipo utakapoona usumbufu. Kwenye mfano wetu wa kwanza, neno "pabovu" lipo kwenye faili lakini halimo ndani ya jani lolote. Nusu iko "kia pa" na nusu "bovu". Ukitafuta jani kwa jani utaambiwa halipo. Kwa neno la kawaida lenye baiti m, beba baiti m−1 za mwisho za jani hadi jani linalofuata, utafute kwenye kiungo hicho pia. Kwa maktaba za ruwaza zinazodai maandishi yote yawe mahali pamoja kwenye kumbukumbu hakuna ujanja mzuri: ama utafute maktaba inayokubali kusoma kipande kwa kipande, ama utafute mstari kwa mstari na ukubali kwamba ruwaza inayovuka mistari haitapatikana.

Pia kamba haina la kufanya na mstari mmoja wa megabaiti 200, kama mafaili ya JSON yaliyobanwa. Muundo utaingiza herufi kwa haraka kama kawaida, halafu sehemu ya kuchora itajaribu kupima upana wa mstari wote na kuganda vilevile. Tatizo hilo liko kwenye kuchora, na utalitatua huko.

Tena si lazima iwe kamba. Emacs inatumia pengo: safu moja ya kumbukumbu yenye nafasi tupu pale kishale kilipo, kuandika ni kujaza hilo pengo, na kuhama mbali ni kulisogeza. Kwa faili lako, kulihamisha pengo kutoka mwanzo hadi mwisho ni zile milisekunde 20, mara moja kwa kila mruko. VS Code mwaka 2018 ilihamia kwenye mti wa vipande unaoelekeza kwenye maandishi ya asili yasiyoguswa, jambo linalofaa sana mafaili yanayosomwa kuliko kuhaririwa. Kama hutaki kuhifadhi ukiwa unaandika wala hutaki vishale vingi mahali mbalimbali, pengo pamoja na mti mdogo wa mistari vingekutosha, na ungevimaliza haraka zaidi. Wewe una logi kubwa na unaandika mwanzoni; mimi ningekwenda na kamba ya watoto wengi.

Kuhusu kuandika upya

Hutaandika upya yote, ilimradi ufanye kazi moja ya kuchosha kwanza, ukiwa bado na mfuatano wako wa zamani. Pita kwenye programu yote na uondoe kila mahali panapogusa mfuatano moja kwa moja, uweke miito mitano: `urefu()`, `ingiza(i, s)`, `futa(i, j)`, `kipande(i, j)` na `mwanzo_wa_mstari(n)`. Hakikisha kihariri bado kinafanya kazi, kikiwa kizito vilevile. Utagundua sehemu ya kuchora ilikuwa inaomba maandishi yote wakati inaonyesha mistari 50; hapo iombe `kipande` cha mistari hiyo tu. Baadhi ya ile sekunde inaweza kuondoka hapo hapo kabla hujagusa kamba.

Kisha jenga kamba nyuma ya miito hiyo mitano. Unapofungua faili usiite `ingiza` mara milioni. Soma vipande vya kilobaiti moja, vifanye majani, yakusanye kumi na sita kumi na sita chini ya nodi, na nodi hizo nazo hivyohivyo, hadi ibaki moja.

Na uiweke kamba ikimbie sambamba na mfuatano wa kawaida kwenye jaribio: punguza kikomo cha jani hadi baiti 8 na watoto hadi 4 ili mipasuko itokee mfululizo, tengeneza maingizo na mafuto laki moja ya bahati nasibu yenye "’" na `\r\n` ndani yake, na baada ya kila moja linganisha maandishi, urefu na idadi ya mistari ya pande zote mbili. Chapisha mbegu ya bahati nasibu mwanzoni, ili pindi zikitofautiana uweze kuurudia mkasa uleule. Kamba yangu ya kwanza ilitofautiana kwenye badiliko la arobaini na kitu: jani lililobaki tupu baada ya kufuta, ambalo nilikuwa nimesahau kuliondoa kwenye `unga`.